Sugna Alivyojifunza Kuanza na "Nataka"

Ukitaka kumjua Sugna usihangaike kumtafuta usoni, hutauona. Hapa Pindwara, huku Uhindini, mke hufunika uso mbele ya baba mkwe wake, na Sugna alijifunika mpaka kidevuni, mtandio wa manjano wenye madoa mekundu, huku mikono yake ikiendelea na kazi chini ya kitambaa: inakanda unga, inachuja chai, inapepeta uwele. Mimi nilimjua kwa mikono hiyo. Akikasirika bangili zilisikika mpaka kwangu, ng'ambo ya ukuta. Akiwa na furaha alipika kimyakimya.

Mimi naitwa Nyamizi, mzaliwa wa Kirumba, Mwanza. Mume wangu, Mohan, alikuja kwetu kuchonga nguzo za hekalu la Wahindi. Akakataa sato, akakataa dagaa, akakataa hata mchuzi uliopitiwa na samaki. Nikamwonea huruma, na huruma ile ikazaa mambo mengine. Sasa nimekaa huku miaka zaidi ya ishirini, watu wananiita Nyami, na mambo ya kufunika uso walishanisamehe zamani kwa kuwa waliona nikijifunika najikwaa kwenye ndoo.

Wanaume wa mji huu ni wachonga mawe. Marumaru wanayoyachonga hapa husafiri kwenye masanduku kwenda kujenga mahekalu ya nchi za watu, na wao wenyewe hufuata nyuma kwenda kuyapanga. Wanaokwenda Afrika Mashariki hupita kwanza barazani kwangu. Mtu anayejua kutoa ua la yungiyungi kwenye jiwe gumu hajui kuomba maji ya kunywa stendi, kwa hiyo nawafundisha sentensi za safari. Sifundishi kingine. Atakayetaka mashairi atafute mtu mwingine.

Kazi yenyewe si ndogo, maana lugha zetu zimepeana migongo. Mimi nikisema "Nataka kwenda Mwanza kwa basi," nimeshatoboa siri yangu kwa neno la kwanza. Wao wanasema "Mimi Mwanza basi kwa kwenda nataka." Kitenzi kinakuja mwisho, baada ya kila mtu kukaa. Na vineno vyetu vidogo vinavyotangulia, kutoka, kwa, mpaka, kwao vinafuata nyuma ya jina. Sisi "kutoka Dar," wao "Dar kutoka." Sisi "mpaka Mwanza," wao "Mwanza mpaka." Sisi "mume wangu," wao "wangu mume." Siku za mwanzo, wakati mimi ndiye mwanafunzi, nilikuwa nikiongea Kihindi naona kama navua nguo kuanzia ndani.

Halafu kuna kineno chao kimoja, "se", kinachofanya kazi za watu wanne. Dar se, kutoka Dar. Basi se, kwa basi. Jana se, tangu jana. Na ukitaka kumuuliza kaka kitu, kwao unauliza "kaka se", wakati sisi tunamuuliza kaka moja kwa moja bila kuweka kitu katikati. Kwa hiyo wanaume wale, kila wakiona "se" vichwani mwao, wananiletea "kutoka". Nimeshasikia "Nakwenda kutoka basi" na "Nimeuliza kutoka dereva" mpaka masikio yameota sugu. Huwa nawaambia, usitafute neno la "se". Jiulize kwanza ni kazi gani kati ya zile nne, ndipo uchague neno letu.

Sugna hakuja kwangu kama mwanafunzi. Alikuja kuazima chujio. Mumewe Kesaram, ambaye ni mtoto wa baba mdogo wa mume wangu, alikuwa Mwanza tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na Sugna alikuwa amebaki na baba mkwe, mzee Varda Ram, tunayemwita Bapuji. Nyumba yao na yetu zimepakana. Mama mkwe alishafariki. Mtoto hakuna, na mji mdogo unajua kuuliza kuhusu mtoto. Waliuliza kisimani, waliuliza harusini, waliuliza mpaka kwenye kilio. Sasa jamani, mume yuko ng'ambo ya bahari, mtoto atatumwa kwa posta?

Siku ile ya chujio aliwakuta wachongaji wawili barazani wanapigana na "Nashuka sokoni." Akasimama pembeni, chujio mkononi, hakuondoka. Walipokwenda aliniuliza lile "ni" la mwisho ni nini. Nikamwambia ni mahali: soko, sokoni, nyumba, nyumbani, mfuko, mfukoni. Wao husema "soko mein", "mfuko mein". Alifikiri kidogo chini ya mtandio wake. Kisha akasema, "Basi hili lenu moja linakaa nyuma, kama yetu." Nimezungumza Kiswahili tangu natambaa na sijawahi kuliona jambo hilo. Nikamwambia akae chini.

Tangu siku hiyo akawa anakuja mzee akilala mchana. Alishika haraka kuliko wanaume wote niliowahi kuwafundisha, na alinichekesha. Alipojifunza kwamba tunasema "kwa basi" na pia "kwa mume wangu," wakati wao kwa basi wanatumia "se" na kwa mume wanatumia maneno mengine kabisa, "ke paas", yaani karibu yake, kwake, aliniambia hii "kwa" yetu inaonewa, inabeba kama punda wa tanuri la matofali. Nikamwambia "se" yao haina hali nzuri zaidi. Tukacheka mpaka nikaogopa mzee ataamka.

Sentensi moja aliipenda kuliko zote: "Nakwenda kwa mume wangu." Alikuwa akiisema huku anachambua dengu, anairudia polepole, na nikimtazama mikono yake ilikuwa imesimama. Nilimpenda sana wakati huo. Mimi niliyaacha yangu yote Kirumba nikamfuata mwanamume huku, kwa hiyo nilijua ile sentensi ina uzito gani.

Kumbe mlango ulikuwa karibu kufunguka. Ganpat Singh, mnyapara anayepeleka wachongaji nje, alisimama kwenye kibanda cha chai cha wachongaji, akatangaza kwamba mpishi wa kambi ya Mwanza amerudi nyumbani na hataki kwenda tena. Wachongaji kule wanajipikia mikate ya uwele inayovunja meno. Anatafuta mpishi, awe mwanamke wa mmoja wao, atalipiwa tiketi. Shida ni moja: atasafiri peke yake, kutoka Dar mpaka Mwanza kwa basi, na kila siku atakwenda sokoni mwenyewe. Lazima aweze kusema. Kesaram alipiga simu usiku huohuo kwa mume wangu, akisema kama si Sugna safari hii basi hajui tena ni lini, maana kazi ya hekalu ina miaka mingine mingi mbele.

Mohan alipeleka habari kwa Bapuji. Mzee hakukubali wala hakukataa. Alisema mnyapara aje amsikilize mkwe wake, kama anajua lugha au hajui. Mimi nilifurahi kama mjinga. Nilijua Sugna anajua.

Ganpat Singh akaja, akakaa kwenye kitanda cha kamba uani, Bapuji ubavuni pake na mkongojo wake. Chai ikaletwa. Sugna akasimama kwenye nguzo ya jikoni, mtandio umeshuka mpaka kifuani. Ganpat aliishi Dar miaka mingi na Kiswahili chake ni cha sokoni, kinatosha. Akamwambia, kwa upole tu, "Mama, umefika Dar, upo stendi. Mwambie mkata tiketi unataka nini."

Ikatoka sauti ndogo chini ya kitambaa: "Mimi... Mwanza... basi kwa..." Na ikaishia hapo. Kilichobaki kilimezwa na mtandio.

Ganpat akamrahisishia. Akamuuliza anakwenda kwa nani. "Mimi... wangu mume..." Tena ikaishia hapo. Mnyapara akanitazama kwa huruma, jambo lililoniuma zaidi kuliko kama angecheka. Alisema huyu dada wakimwacha stendi ataozea palepale. Lakini kwa kuwa alimheshimu Mohan, alisema atapita tena Jumamosi kabla hajapeleka majina. Nilimtazama Bapuji vizuri, na naapa niliona ameshusha pumzi.

Nilikwenda jikoni nikiwa nimewaka. Nilimwambia Sugna amenitia aibu, amemtia aibu Kesaram, yaani sentensi aliyoiimba mwezi mzima juu ya dengu imeliwa na panya? Akalia. Sikumbembeleza. Mimi nikikasirika sina akili, Mohan anajua, huwa anatoka nje kwenda kumtazama ng'ombe.

Ni kesho yake asubuhi, nikiwa nakamua nguo juu ya ukuta, ndipo nilipoelewa. Sugna alikuwa anamwambia mzee jambo. Kwa desturi yao mkwe haongei na baba mkwe. Akilazimika, anaongea kando, kama anauambia ukuta. Akasema, "Maziwa paka..." na akanyamaza. Mzee akajibu, "Basi mfukuze." Baadaye tena, "Unga kinuni..." na mzee, "Haya, nitamwambia Mohan aulete."

Nikasimama na shati la Mohan mkononi linachuruzika. Hamalizi. Hakuna mkwe hata mmoja mji huu anayemaliza sentensi mbele ya mzee wa nyumba. Adabu yao ni kumeza mwisho. Na mwisho wa sentensi yao ndiko kitenzi kinakokaa! Paka kafanya nini, unga umefanya nini, mimi nataka nini, vyote viko mwisho, vyote vinamezwa, na wakubwa wanajaza wenyewe wanavyopenda. Mwanamke anaweza kuishi kwenye nyumba kama hii miaka yote asitamke "nataka" hata mara moja, na asionekane amepungukiwa na kitu. Pale uani, mbele ya mzee, Sugna hakuwa amesahau Kiswahili. Adabu ndiyo iliyomrudisha kwenye mpangilio wa kwao, akaanza na jina, akaweka kineno nyuma, akasubiri watu wajaze.

Nilimwita kwenye ukuta. Nikamwomba radhi, kwa kifupi, maana si kawaida yangu. Halafu nikamwambia jambo ambalo nilikuwa na uhakika nalo: Kiswahili kinamfaa mkwe mwenye haya kuliko Kihindi. Akanishangaa. Nikamwambia, wewe umezoea kumeza mwisho. Meza. Kwetu ukimeza mwisho unapoteza "kwa basi" tu. Mkata tiketi atakuuliza, kwa basi au kwa treni? Haina neno. Lakini neno la kwanza ndilo linalobeba wewe ni nani, unakubali au unakataa, na ni sasa au kesho. Nataka. Sitaki. Nitakuja. Hata kukataa kwetu kunakaa mlangoni, "si", wakati kwenu "nahin" inangoja karibu na kitenzi huko nyuma. Litoe la kwanza kwa nguvu, mengine yafie kwenye mtandio ukitaka.

Akasema la kwanza ndilo linalomshinda. Kuanza na "nataka" ni kama kuingia chumbani kwa wanaume bila kukohoa. Nikamwambia najua.

Nikampeleka kiwandani. Mohan ana mashine ya kukata marumaru nyuma ya nyumba, na ikiwashwa huwezi kusikia hata mawazo yako. Nilimsimamisha upande mmoja wa mashine, mimi upande mwingine, vumbi jeupe katikati, maji yanaruka. Nikamwonyesha kwa mkono: sikusikii. Alifungua mdomo mara ngapi sijui, nami natikisa kichwa. Mwisho akapandwa na hasira, nikaona bangili zinapanda juu mkononi, na sauti ikapita juu ya msumeno: "Nataka kwenda Mwanza!" Mohan alizima mashine akidhani mtu amekatwa kidole. Sugna akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na mimi nikacheka mpaka nikakaa juu ya jiwe.

Tulifanya hivyo siku zote zilizobaki. "Natoka Dar." "Sitaki hili, nataka lile." "Nashuka hapa." "Simjui huyu bwana," ambayo ni sentensi muhimu kwa mwanamke anayesafiri peke yake. Ijumaa hakuhitaji mashine tena.

Jumamosi Ganpat Singh akaja na chai ikaletwa. Lakini kabla hajafungua mdomo, Bapuji alipiga mkongojo chini akasema hakuna haja. Mkwe wake haendi. Akasema yeye kifua chake kimejaa vumbi la miaka yote ya kuchonga, usiku anakohoa mpaka anaona nyota, na mtu wa kumpa maji ni mmoja tu. Kesaram ni kijana, atavumilia. Na yeye nani atampikia mkate?

Hapo nikaona kilichokuwa kifuani mwake siku zote. Hakuwa mkali, alikuwa anaogopa. Nikasema nitampikia mimi, na maji nitampa mimi, ukuta wenyewe unaufikia kwa mkono. Watu wote wakanigeukia, hata Mohan, kwa sababu Bapuji hajawahi kula chakula kilichopikwa kwangu. Chai hunywa, ndiyo. Lakini mkate, hapana. Mimi ni mtu wa mbali, nimezaliwa kwenye nyumba ya samaki, na yeye ni mzee wa zamani. Sikuwahi kumlaumu, ila siwezi kusema haikuniuma.

Mzee akanitazama. Akasema, "Nyami, wewe unasema sana. Mohan anasema, mnyapara anasema, Kesaram anasema kwenye simu. Mimi yeye mwenyewe sijamsikia akisema anataka. Miaka yote hii, hata mara moja."

Sasa mtu utamjibu nini, na ni kweli? Nyumba nzima imejengwa ili asiseme, halafu leo anaulizwa mbona hasemi. Nilitaka kumjibu vibaya. Ganpat Singh akaniwahi, na Mungu ambariki, maana mnyapara yule amezoea kupita kati ya ukuta na ukuta. Alisema mkwe kumwambia baba mkwe ni vibaya, sawa. Lakini akiongea na Nyami kwa Kiswahili, na Nyami akamwambia mzee kwa Kihindi, nani amevunja adabu? Hajaongea na mzee. Ameongea na Nyami.

Bapuji akanielekezea mkongojo. Akasema, "Muulize."

Nikageuka kwenye nguzo ya jikoni. Kitambaa cha manjano hakikutikisika. Nikamuuliza kwa lugha yangu, "Sugna, mdogo wangu, unataka nini?"

"Nataka kwenda Mwanza kwa mume wangu," akasema. Ilitoka kama mbele ya mashine, mpaka kunguru wakaruka ukutani. Kisha akaongeza jambo ambalo hatukulifanyia mazoezi, na sauti ikashuka: "Sitaki kwenda bila baraka ya Bapuji."

Sasa ikawa zamu yangu. Ile ya kwanza niliitoa kwa Kihindi bila shida: Mwanza, wangu mume kwake, kwenda anataka. Mzee akaitikia kwa kichwa, uso haukubadilika.

Ya pili ndiyo iliyonifundisha mimi mwalimu. Katika Kiswahili Sugna alikuwa ameanza na "sitaki", na mzee amekaa mwisho kabisa, mkiani. Lakini nikiipeleka kwa Kihindi inageuka yenyewe, sikuipanga, ndivyo lugha yao inavyokaa. Nikaanza, "Bapuji ya baraka bila..." na nikaona kichwa cha mzee kinainuka. Alikuwa amesikia jina lake kwanza. Kisha baraka yake. Kisha ile "bila". Na baada ya hapo anangoja kitenzi, na kitenzi hakijafika, na mwanamke anayetafsiriwa anaweza kuwa amesema lolote: bila baraka yake nitakwenda, bila baraka yake nitatoroka, bila baraka yake sijali. Niliona vidole vinakaza kwenye mkongojo. Nadhani hajawahi kungoja neno katika maisha yake kama alivyolingoja lile.

"...kwenda hataki," nikamaliza.

Mzee akaachia pumzi, na pumzi ikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda wake. Mohan akampa maji. Ganpat Singh akawa anatazama majani ya chai kwenye kikombe chake. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikujali, uso wangu haufunikwi.

Alipopata sauti, Bapuji hakuzungumza nami. Alizungumza na nguzo ya jikoni, kwa Kihindi, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoijua. Alisema, "Binti, kule kuna baridi usiku? Chukua blanketi langu la sufu." Hakusema nenda. Lakini Ganpat Singh alikuwa ameshatoa kalamu.

Jioni ile nilipika mkate wa uwele, nikaupaka samli, nikaupeleka kwa mikono yangu miwili. Bapuji alikata kipande, akatafuna, akatazama ukuta. Akasema chumvi imezidi. Akala wote, na akaomba mwingine.

Wiki zile za pasi na viza nitaziacha, hazina ladha. Siku ya safari gari la kwenda uwanja wa ndege Ahmedabad lilikuja kabla jua halijapanda. Nilimpa Sugna mtindi na sukari, kijiko kimoja, kama wanavyompa kila msafiri huku, na nikamtuma asalimie ziwa. Blanketi la sufu lilikuwa kwapani. Bapuji alikaa kwenye kitanda chake cha kamba, mgongo umeelekea mlango, maana mzee huyu hapendi kuonekana.

Sugna aliinama akagusa miguu yake. Mzee akaweka mkono juu ya mtandio. Desturi ya nyumba hizi ni kwamba mtu anayetoka hasemi "nakwenda", ni mkosi, anasema "nakuja". Na mkwe anayetoka hasemi chochote. Sugna alifika kizingitini, akasimama. Kisha akasema kwa Kihindi, kwa sauti iliyofika kila kona ya ua, na kitenzi alikitanguliza mbele, jambo ambalo Kihindi huliruhusu tu moyo unapomzidi mtu nguvu: "Nitakuja mimi, Bapuji."

Akapanda gari. Nilisikia bangili, kisha mlango, kisha barabara.

Mzee alibaki vilevile, mgongo kwetu. Nilidhani amelala. Halafu akaniita, bila kugeuka, akaniuliza Sugna amesema nini. Nikashangaa, kwa sababu ilikuwa lugha yake mwenyewe, na masikio yake hayana tatizo. Nikataka kumwambia hivyo, kisha nikaona mabega yake. Nikakaa pembeni ya kitanda, nikamtafsiria Kihindi kwa Kihindi, polepole, na kitenzi nikakiweka mwisho kama anavyopenda yeye: Bapuji, mimi nitakuja.

"Hapana," akasema. "Kama alivyosema yeye."

Nikamwambia kama alivyosema yeye, kitenzi kikitangulia.